Mjadala: Picha za akili mnemba zitumike kumuuzia mteja nyumba ya mawe na makuti?

Mchoraji wa Kilifi: Jamani, naomba maoni. Mteja anataka nyumba ya pwani ya ghorofa moja tu ya chini: kuta za mawe ya matumbawe, veranda pana, paa la makuti, na ule mwanga wetu wa joto na unyevu. Kabla sijagusa ramani niliandika hii kwenye Midjourney, mashine ya akili mnemba inayochora picha kutokana na maneno:

```
luxury coral stone beach house, deep verandas, thatched roof, tropical light
```

Nikaletewa kuta za rangi ya waridi, paa la Bali, bwawa la kuogelea na jua la machweo. Mwenzangu ofisini anasema picha za namna hii mteja asionyeshwe kabisa. Mimi naona ni suala la prompti tu, yaani maneno tunayoiandikia mashine. Nani yuko sahihi?

Mwana wa Mkomani: Mwenzako. Nyumba ya Kiswahili haina veranda wala makuti. Nendeni Lamu mkaone: dari tambarare, daka mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, na maisha yote yamegeukia ndani. Hiyo mnayoiomba ni hoteli ya watalii, na mashine inawapa hoteli ya watalii. Mnalalamika nini?

Fundi Chokaa: Ndugu yangu, umesema kweli nusu. Nyumba kubwa za mawe za Lamu ndivyo zilivyo, na upana wa vyumba vyake ulipimwa na boriti ya mkoko, ambayo hairuki mbali zaidi ya kama mita 3. Lakini mashambani na pembeni mwa mji, nyumba za udongo na fito zimeezekwa makuti tangu enzi za mababu, na zina baraza mbele. Na juu ya dari za Shela makuti yamejaa siku hizi. Kilichochanganywa ni nyumba mbili za watu wawili. Si haramu kuzichanganya, ila mchanganyaji ajue anachofanya.

Turudi kwenye prompti. Neno `coral` lisipoelezwa linaleta rangi, halileti jiwe. Mawe tunayojengea ni ya kijivu, yamechimbwa nchi kavu na yana matundu. `thatched` nayo inakwenda Uingereza au Bali, kwa hiyo eleza kinachoonekana: makuti makavu ya mnazi yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Mwanga usiuite `tropical`. Saa sita mchana mbingu yetu ni nyeupe ya ukungu, vivuli ni vifupi na kingo zake hazikati kama kisu. Jaribu hivi:

```
house with thick walls of rough grey fossil coral rag, off-white lime plaster, damp stains near the ground, steep roof of overlapping dried coconut-palm fronds on mangrove poles, veranda 3 m deep with stone bench, noon, white hazy sky, soft short shadows --ar 3:2 --no pool, railings, clay tiles
```

Kijana wa Kompyuta: Hiyo `--no` haina haja, Ami. Andika tu `no pool` ndani ya sentensi, itaelewa.

Fundi Chokaa: Mwanangu, jaribu uone. Ukitaja bwawa ndani ya sentensi, mara nyingi bwawa linakuja, maana mashine inalishika neno kuliko kukanusha kwake.

Kijana wa Kompyuta: Nimejaribu. Bwawa limekuja na viti vyake.

Mpenda Bahari: Samahani, mimi sielewi mnachotetea. Matumbawe ni viumbe hai! Mnafundishana kuyavunja ili matajiri wapate picha?

Fundi Chokaa: Dada, si hayo ya baharini. Nimesema ya nchi kavu, yaliyokufa na kugeuka mwamba zamani sana. Ukweli ni kwamba wazee waliyatoa hata baharini, yale laini ya kuchongea nakshi. Hoja yako ina mahali pake, lakini swali la mchoraji si hilo.

Mama Diani: Na mimi niseme yangu, maana nimeumia. Nilionyeshwa picha tamu kama hiyo, veranda pana, paa linashuka polepole mpaka juu ya viti. Nikalipa. Msimu wa masika wa pili maji yakaanza kudondoka kwenye veranda, si chumbani, verandani tu. Fundi akaniambia makuti mabovu. Nikanunua mengine. Bado yanavuja.

Fundi Chokaa: Pole sana, mama. Veranda imelala zaidi kuliko paa la nyumba, au zimelingana?

Mama Diani: Imelala. Ukisimama nje unaliona paa limevunjika pale ukutani, kisha likanyooka.

Fundi Chokaa: Basi makuti hayana kosa. Makuti hayazuii maji kama bati. Yanayakimbiza tu, na ili yakimbie yanataka mteremko wa nyuzi 45 au karibu na hapo. Yakilazwa, maji yanatulia, kuti linaoza kuanzia chini na linavuja likiwa bado changa.

Mchoraji, hesabu hii picha haikuonyeshi. Kwa nyuzi 45, kila mita unayotoka nje ya ukuta, paa linashuka mita moja. Veranda ya mita 3 inashusha paa mita 3. Ukuta wako wa ghorofa ya chini ukiwa na mita 3.5, ukingo wa paa utakuwa nusu mita kutoka ardhini. Mbuzi ataingia kwa kuinama. Ukitaka mtu apite wima, ukingo uwe mita 2.1, na ukuta ufike mita 5.1. Kwa nyumba ya ghorofa mbili hilo linawezekana. Kwa hiyo yako, huna budi kupunguza veranda, kuinua ukuta, au kulaza paa kama la huyu mama.

Mchoraji wa Kilifi: Nimefungua picha mpya niliyoitoa kwa prompti yako. Nzuri mno, kuta za kijivu, mwanga ndio wenyewe. Lakini veranda imelala. Nimepima kwa rula juu ya kioo, ni kama nyuzi 25. Na boriti za ukumbi zinavuka kama mita 6 bila nguzo.

Mwana wa Mkomani: Ndilo nililosema, kwa njia nyingine.

Fundi Chokaa: Hapana, hukulisema. Wewe ulisema isijengwe. Mimi nasema picha haina uzito wa maji wala wa boriti, hivyo isitangulie mkato wa nyumba, yaani mchoro wa nyumba kana kwamba imepasuliwa wima. Mchoraji achore mkato kwanza, ampe mashine mchoro wenyewe kama picha ya kuanzia, ndipo aongeze maneno ya mawe na mwanga.

Kijana wa Kompyuta: Hata hivyo bado itabadilisha mteremko. Ukiweka picha ya mfano inafuata umbo kwa jumla, si nyuzi kamili.

Fundi Chokaa: Hapo umenishinda, sina jibu.

Mwanasheria wa Likoni: Swali la awali lilikuwa mteja aonyeshwe au la. Aonyeshwe, ila iandikwe chini yake kuwa si ramani, na mkato uambatanishwe na mkataba. Mama Diani, mkataba wako ulitaja mteremko wa paa?

Mama Diani: Ulitaja "kama ilivyo kwenye picha".

Mwanasheria wa Likoni: Hapo kesi ni ngumu, maana walikujengea kama ilivyo kwenye picha.

Mchoraji wa Kilifi: Mteja wangu keshaiona ile ya kwanza, yenye bwawa. Sasa anataka bwawa.