Esta ya harufu ya ndizi: kuzidisha asidi au kutega maji?

Maabara_Kisumu
Wadau, hamjambo. Nasimamia maabara ndogo hapa Kisumu, tunajaribu kutengeneza isoamili asetati. Isoamili alkoholi twaikeneka kutoka mafuta ya fuseli, yale mabaki ya kukeneka spiriti ya molasi huku ukanda wa miwa, kwa hiyo kwetu alkoholi ndiyo adimu. Asidi asetiki inapatikana bila shida. Nikichanganya moli moja kwa moli moja na matone ya asidi salfuriki, mmenyuko unagoma ukiwa umepita nusu tu, hata nikiendelea kuchemsha hadi jioni. Nachagua kati ya njia mbili: kuzidisha asidi asetiki, au kufunga mtego wa maji wa Dean-Stark. Natumia gramu 44 za alkoholi, yaani nusu moli. Mngechagua ipi?

Kondele_Kemia
Kaka, hujaweka asidi salfuriki ya kutosha. Kichocheo kikiwa kidogo mmenyuko unachoka. Mimina zaidi, uongeze na moto, utaona mavuno yakipanda.

Mwalimu_Maseno
Kondele, hapo umepata nusu. Kichocheo kinaharakisha kwenda na kinaharakisha kurudi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kinamfikisha kwenye msawazo mapema tu, hakiusogezi. Ukweli uliomo katika maneno yako ni kwamba asidi salfuriki nyingi hushikilia maji, na maji yakishikwa esta huongezeka kidogo. Lakini itaunguza alkoholi hiyo adimu, chupa igeuke kahawia. Na moto hausaidii upande huo, kwa sababu mmenyuko huu karibu hautoi wala haunyonyi joto.

Tazama kinachotokea ndani. Protoni inashika oksijeni ya asidi asetiki iliyo na bondi mbili na kaboni. Kaboni ile inabaki na upungufu wa elektroni, ndipo oksijeni ya alkoholi inapoivamia. Kwa muda mfupi kaboni inakuwa imebeba oksijeni tatu. Protoni inahamia kwenye kundi moja la OH, kundi hilo linageuka maji na kuondoka, kisha protoni ya mwisho inaachwa na esta imekamilika. Kila hatua hapo inaweza kurudi nyuma. Maji yakiwa mengi, ndiyo yanayovamia kaboni ya esta, na alkoholi ndiyo inayofukuzwa. Hidrolisisi ya esta kwa asidi ni njia hiyohiyo ikitembelewa kinyume.

Wengi hudhani OH ya maji hutoka kwa alkoholi. Roberts na Urey mwaka 1938 walitumia methanoli yenye oksijeni nzito, 18O, pamoja na asidi benzoiki. Oksijeni nzito ilibaki ndani ya esta, maji yakatoka ya kawaida. OH inayoondoka ni ya asidi.

Sasa hesabu. Kwa asidi asetiki na alkoholi za aina hii, namba ya msawazo, K, ni karibu 4. Mstari wa kwanza ni moli kwa moli, na x ni sehemu ya alkoholi iliyogeuka esta:

```
x² / (1 − x)² = 4   →   x = 0.67
x² / [(1 − x)(2 − x)] = 4   →   x = 0.85
x² / [(1 − x)(3 − x)] = 4   →   x = 0.90
```

Mstari wa pili ni asidi mara mbili ya alkoholi, wa tatu ni mara tatu. Esta yako ina gramu 130 kwa moli, kwa hiyo nusu moli ikigeuka yote ingekupa gramu 65. Ukienda sawa kwa sawa unapata kama gramu 43, mara mbili gramu 55, mara tatu 59. Ona jinsi faida inavyopungua: nyongeza ya kwanza ya asidi imekupa gramu 12, ya pili imekupa 4 tu.

MamaSabuni_Nakuru
Samahani naingilia. Siki ya supamaketi si ndiyo asidi hiyohiyo, tena bei rahisi? Halafu mimi natengeneza sabuni ya mche. Niliweka harufu ya ndizi kwenye mchanganyiko ungali mbichi, kesho yake ndizi imepotea, imebaki harufu kali ya kukera koo. Muuzaji ameniuzia feki?

Mwalimu_Maseno
Mama, siki ya mezani ina asidi asilimia 5 hivi, iliyobaki karibu yote ni maji. Ukianza na maji mengi hivyo, msawazo unakurudisha nyuma kabla hujaanza. Inatakiwa ile asidi asetiki kavu.

Kuhusu sabuni, muuzaji huenda hana kosa. Magadi makali (NaOH) yaliyokuwa bado kwenye sabuni mbichi yameivunja esta ikawa isoamili alkoholi, ambayo ndiyo harufu hiyo kali, na sodiamu asetati. Huko hakuna kurudi: asidi ikishageuka kuwa chumvi, alkoholi haiwezi kuivamia tena. Weka harufu baada ya sabuni kukomaa, au uchague manukato yasiyo ya esta nyepesi.

Fundi_Kakamega
Mimi ningechukua mtego, na sababu ni hayo mafuta ya fuseli. Yana maji tangu mwanzo. Ukizidisha asidi tu, maji hayo yanakula faida uliyohesabu. Mtego unayatoa nayo pia.

Alkoholi hii inafaa sana kwa mtego kwa kuwa inachanganyika na maji kwa shida. Mvuke wake na wa maji hupanda pamoja chini ya nyuzi 100, ukipoa unagawanyika tabaka mbili: maji chini, alkoholi na esta juu, zikijaa zinarudi kwenye chupa zenyewe. Usijaribu hivi na ethili asetati. Ethanoli ingebaki imechanganyika na maji mtegoni na esta yenyewe ingekimbia na mvuke.

Nusu moli inatoa mililita 9 za maji. Zikisimama kwenye 5 na mvuke haufiki kondensa, funga shingo ya chupa kwa pamba na karatasi ya alumini kwanza, kabla ya kulaumu kemia. Zikipita 9, fuseli ilikuwa na maji, au asidi asetiki imevuka ikayeyuka mtegoni. Hiyo ya pili inadanganya watu wengi, wanaona 9 wanazima moto mapema. Toa mililita moja ya maji ya mtego uipime kwa NaOH, utajua.

Kondele_Kemia
Sawa, kuhusu kichocheo nimekuelewa, Mwalimu. Lakini mtego ni kioo cha bei. Asidi mara mbili inampa 85 kwa mia bila kununua kitu.

Maabara_Kisumu
Mtego tunao, ulikuwa kabatini. Naona nianze na asidi moja na robo kwa alkoholi moja, niweke na mtego. Kuosha baadaye je?

Fundi_Kakamega
Hiyo robo ya ziada itafidia inayokimbilia mtegoni. Osha kwa maji, kisha magadi ya kuokea (NaHCO₃) kidogokidogo, ukifungua faneli kila mara gesi itoke. Usitumie NaOH, umeona ya Mama Sabuni. Na hakikisha asidi salfuriki imeisha kabisa kabla ya kukeneka. Ikibaki na maji kidogo, moto uleule unaanza kuivunja esta. Ukausheni kwa magnesiamu salfeti, halafu chukua kinachotoka karibu na nyuzi 142. Kinachotoka kwenye 131 ni alkoholi, kirudishe.

Mwalimu_Maseno
Fundi, ungeongeza toluini kidogo ya kubeba maji?

Fundi_Kakamega
Sijaona haja, alkoholi yenyewe inabeba. Tena kuitenga toluini baadaye ni kazi nyingine.

Mwalimu_Maseno
Mwishoni alkoholi inakuwa imekwisha chupani, nani atabeba?

Fundi_Kakamega
Esta nayo inabeba maji. Polepole, lakini inabeba.

Mwalimu_Maseno
Hiyo polepole ndiyo ninayoitilia shaka. Kaka wa Kisumu, andika mililita za mtego kila nusu saa uzilete hapa.