Kalenda ya kazini inayobana tarehe 24 na 31 katika kisanduku kimoja haifai kazi

Mshona Sare:

Wakuu, nimechoshwa na wachapaji wanaotengeneza kalenda za ukutani bila kumfikiria mtu atakayeziandikia. Tuna karakana ndogo ya kushona sare, na kalenda iliyo mbele ya meza ya kukatia vitambaa ndiyo daftari letu la ahadi: kila mzigo unaandikwa kwenye tarehe ambayo mteja ataufuata, na kila fundi anaisoma kabla ya kugusa mashine. Kalenda ya 2026 tuliyochapishiwa imetusumbua mwaka mzima, na sasa mchapaji yuleyule ameanza kuniuliza kuhusu ya 2027 kana kwamba hakuna lililotokea.

Kalenda hiyo huanza wiki siku ya Jumapili, na kila ukurasa umepewa safu tano za visanduku. Agosti 2026 ulianza Jumamosi, hivyo siku zake 31 zinahitaji safu sita. Badala ya kuongeza safu, mchapaji alibana 23 na 30 katika kisanduku kimoja, na 24 na 31 katika kingine, akapitisha mstari wa mshazari katikati na kupunguza tarakimu hadi nusu ya ukubwa wa zile nyingine. Tarehe 24 na 31 zote zilikuwa Jumatatu, siku za kazi, na 31 ndiyo siku ya mishahara, ya pango na ya kufunga hesabu za mwezi. Msaidizi wangu aliandika "sare za walinzi zitoke" kwenye kipembe kilichobaki, akikusudia tarehe 24; fundi wa kufungasha akasoma 31. Mteja alifika kuchukua mzigo wake, akakuta mashati hayajatiwa hata vifungo.

Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba kalenda zote hupangwa hivyo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sampuli tuliyoonyeshwa kabla ya kuchapa ilikuwa ya Februari peke yake, mwezi ulioanza Jumapili na kuisha Jumamosi, siku 28 katika safu nne kamili, kila kisanduku kikiwa na nafasi ya kutosha.

Hata miezi isiyobanwa ina shida yake. Tarakimu imewekwa katikati kabisa ya kisanduku, nene na kubwa, kwa hiyo kinachobaki ni ukanda mwembamba unaoizunguka ambao hauwezi kubeba jina la mteja na idadi ya sare kwa pamoja. Ingewekwa kwenye kona ya juu, nusu nzima ya chini ingekuwa yetu. Karatasi nayo ni ya kung'aa: kalamu ya kawaida inateleza, na wino wa jeli unafutika mkono ukipita juu yake.

Kuhusu sikukuu, Jumapili zote ni nyekundu, na sikukuu ni nyekundu ileile, bila jina lolote ndani ya kisanduku. Majina yamepangwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo mno, na hata hayo hayaaminiki. Orodha ya Aprili inasema "21: Jumatatu ya Pasaka", ilhali visanduku vilivyo juu yake vinaonyesha kwamba tarehe 21 ni Jumanne! Hiyo ilikuwa tarehe ya mwaka 2025. Mwaka huu Jumatatu ya Pasaka ilikuwa tarehe 6. Mtu alinakili orodha ya zamani, na hakuna aliyeisoma kabla ya mashine kuwashwa.

Naomba wenye ujuzi wa uchapaji mniambie: je, safu ya sita ni jambo gumu kiasi hicho?

Mpangakurasa wa Zamani:

Si gumu, ndugu yangu. Nimepanga kalenda kwa miaka mingi, na sababu ya kubana tarehe ni kwamba picha ya juu hutangulia kupewa nafasi yake, kisha tarehe hupewa kilichobaki. Chukua karatasi ya A3 iliyosimama, yenye kimo cha milimita 420. Picha ikichukua nusu, zinabaki 210, na ukitoa jina la mwezi, majina ya siku na pambizo, visanduku hupata kama 165. Kwa safu tano, kila kimoja kina kimo cha milimita 33. Kwa safu sita kinakuwa na 27 na nusu. Unapoteza chini ya milimita sita kwa kila kisanduku, na hata hizo zinarudi ukipunguza picha kidogo.

Mwambie apange miezi yote kwa safu sita, ili ukurasa usibadilike sura kila mwezi, na visanduku vitakavyobaki vitupu viachwe kwa maelezo. Visijazwe tarehe za mwezi mwingine kwa wino uleule mweusi, maana huko nako watu huandika ahadi kwenye mwezi usio wake. Sampuli ya Februari ikatae. Kwa wiki inayoanza Jumapili, miezi ya 2027 inayohitaji safu sita ni Januari, Mei na Oktoba, basi dai kurasa hizo tatu, zikiwa katika ukubwa halisi.

Jumatatu Kwanza:

Mnajisumbua bure. Wiki ianze Jumatatu, kama wafanyakazi wanavyoihesabu, na tatizo la kubana tarehe litaisha.

Mpangakurasa wa Zamani:

Litahama, halitaisha. Ni kweli kwamba Januari na Oktoba 2027 zitaingia katika safu tano, lakini Mei inaanza Jumamosi na bado itahitaji sita, na Agosti, ambao ulikuwa salama, unaanza Jumapili na utaingia kwenye shida. Kwa mwaka huu wa 2026 ingekuwa mbaya zaidi: Machi, Agosti na Novemba badala ya Mei na Agosti.

Muuza Vipuri:

Mimi sikubaliani na hoja ya tarakimu kwenye kona. Kalenda yangu iko nyuma ya kaunta, na wateja huisoma wakiwa wamesimama mlangoni. Niliwahi kupata yenye namba ndogo za kijivu kwenye kona, ikawa kila mtu ananiuliza leo ni tarehe ngapi. Namba kubwa katikati ndiyo jibu.

Mshona Sare:

Mkuu, yako ni ya kusomwa na yangu ni ya kuandikiwa. Hata hivyo, kona haimaanishi namba ndogo wala ya kijivu. Tarakimu nyeusi yenye kimo cha milimita kumi inasomeka kutoka meza yetu ya kukatia, na bado inaacha sehemu kubwa ya kisanduku wazi.

Mtunza Hesabu:

Hamjagusa Idi. Kalenda nyingi huchapisha tarehe yake kama jambo lililokwisha kuamuliwa, wakati inategemea mwandamo wa mwezi na inaweza kusogea kwa siku moja. Mimi naona isichapishwe kabisa. Kila ofisi iijaze kwa mkono itakapotangazwa.

Mshona Sare:

Hapo nitakupinga, dada. Isipochapishwa, nitapokea oda ya kutoka siku hiyohiyo bila kujua, na mafundi wangu hawatakuwepo. Afadhali siku mbili zinazoweza kuwa Idi zizungushiwe mstari wa nukta na kuandikwa "kutegemea mwandamo", huku sikukuu zenye tarehe ya uhakika zikipewa rangi kamili na jina ndani ya kisanduku. Malipo ya awali sitayatoa mpaka nizione Januari, Mei na Oktoba zikiwa hivyo, kwenye karatasi isiyong'aa.

Mtunza Hesabu:

Siku mbili zikizungushiwa, wafanyakazi wangu wataziomba zote mbili.