Mke wangu aliambiwa aitoe mimba kwa sababu ya IgM chanya: nani huwafundisha kusoma majibu haya?

Ndugu wanajamvi, hasira hii nimeibeba mwezi mzima. Mke wangu, akiwa na ujauzito wa wiki 10, alipimwa toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, katika kliniki moja ya binafsi, akapewa karatasi yenye mistari miwili ya aina mbili za kingamwili: IgM chanya, IgG chanya. Daktari aliizungushia IgM duara la wino mwekundu, akasema kuwa maambukizi ni mapya, mtoto ameshadhurika, na tufikirie kuitoa mimba. Kipimo cha pili hakukitaja kabisa.

Tulikwenda kwingine. Huko waliichukua damu ya kwanza iliyokuwa imehifadhiwa, wakaipima upya sambamba na damu iliyotolewa wiki tatu baadaye, kwa mashine ileile, na IgG haikupanda. Kisha wakapima jinsi IgG ya damu ile ya kwanza inavyomshika kimelea, kwa kuwa kingamwili changa hushika kwa ulegevu na zilizokomaa hushika kwa nguvu. Ilishika kwa nguvu, maana yake maambukizi yalikuwa na zaidi ya miezi minne, kabla mimba haijatungwa. Zile siku ambazo mke wangu alilala ameugeukia ukuta, nani atazifidia?

Mzee_Kijiweni: Pole sana. Hata hivyo daktari hakukosea mno, kwani IgM hutangulia kisha hutoweka, na IgG ndiyo hubaki. Ukiiona IgM, ugonjwa ni mpya.

Wa_Maabara: Kutangulia ni kweli, mzee wangu, lakini IgM ya toksoplasma inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi, na mara nyingine huwa chanya ya uongo. Ushahidi ulio wazi wa maambukizi mapya ni IgG iliyokuwa hasi kugeuka kuwa chanya. Tena, hata kama ingeshika kwa ulegevu, hilo peke yake lisingethibitisha kuwa maambukizi ni mapya, kwa kuwa kwa baadhi ya watu ulegevu hudumu miezi mingi.

Mama_Tandika: Mwaka 2019, dengi ilipoenea Dar, nilipimwa siku ya pili ya homa, IgM ikawa hasi, nami nilikuwa hoi. Basi vipimo hivi ni vya uongo?

Wa_Maabara: Hapana, dada, ulipimwa mapema. IgM ya dengi kwa kawaida huanza kuonekana siku ya nne au ya tano. Siku ya pili hutafutwa kirusi chenyewe au protini yake, NS1.

Mleta uzi: Nashukuru. Je, IgM ya mke wangu ilikuwa ya kweli iliyodumu, au ya uongo?

Wa_Maabara: Kwa karatasi hizo siwezi kutenganisha. Kwa ujauzito huu, jibu ni lilelile.

Mleta uzi: Basi niongeze hili: nilirudi kliniki na majibu mapya, nikaomba faili lirekebishwe, wakakataa. Ile karatasi ya duara jekundu bado imo.