Komenti imeonekana kisha ikapotea: imefutwa, inasubiri au imeingia spamu?

Mdadisi: Wakuu, naombeni ushauri. Nimeweka komenti kwenye tovuti inayotumia WordPress, ina linki mbili. Ilitokea ikiwa na maandishi "Your comment is awaiting moderation. This is a preview; your comment will be visible after it has been approved." Nimerudi baada ya nusu saa, haipo. Msimamizi kaifuta?

Kisiki: Kaifuta mkuu. Komenti ikionekana halafu ikatoweka, kuna mtu kaiondoa.

FundiSeva: Kisiki, hilo ni kweli kwa komenti ambayo kila mtu alikuwa anaiona. Hii aliiona Mdadisi peke yake. Neno "preview" linaonyesha hakuweka tiki ya kuhifadhi jina na barua pepe, kwa hiyo WordPress haikumtambua kwa kuki bali kwa anwani ya ukurasa. Mdadisi, angalia kwenye historia ya kivinjari chako kama kuna kitu cha namna hii:

```
?unapproved=4821&moderation-hash=9c1f...#comment-4821
```

Ukiiona `unapproved`, ujue ilipokelewa ikawekwa kusubiri. Anwani hiyo hukuonyesha komenti yako kwa dakika 10 tu, kisha inafichwa hata kwako. Nusu saa imeshapita, kwa hiyo kutoiona hakuthibitishi chochote. Na sababu ya kuzuiliwa huenda ni linki zako: mpangilio wa awali wa WordPress husimamisha komenti yenye linki 2 au zaidi.

Ingenaswa na kichujio cha spamu papo hapo, usingeona ujumbe ule kabisa. Ukurasa ungejifungua upya kimya, kama vile hukuandika kitu.

Bi_Mwanana: Zangu za YouTube nazo hupotea, hadi nichague "Newest first" ndipo nazikuta.

FundiSeva: Hiyo ni mpangilio tu, dada. Zako zipo, zimesukumwa chini.

Mdadisi: Nimeikuta `unapproved` kwenye historia. Sasa nitajuaje kama bado ipo hadi leo?

FundiSeva: Itume tena palepale, neno kwa neno, kwa jina na barua pepe zilezile. Ukijibiwa "Duplicate comment detected", bado imo kwenye hifadhi yao. Ikipokelewa upya, ya kwanza imetupwa kwenye pipa au imefutwa kabisa. Usibadilishe hata nukta, maana itahesabika komenti mpya.

Kisiki: Lakini iliyotiwa spamu baadaye nayo si italeta "Duplicate"?

FundiSeva: Italeta, hapo umenena. Ukaguzi ule unaruka zilizo kwenye pipa tu.

Mdadisi: Nimejaribu, imesema "Duplicate".

FundiSeva: Basi haijafutwa. Kama inasubiri au wameihamishia spamu, anayeona ni msimamizi tu. Mwandikie, umtajie ile namba iliyo baada ya `#comment-`, ataipata upesi. Usiitume mara ya tatu bila linki kabla hajajibu, akiidhinisha zote zitatokea mbili.