Mada: Mtoto analia miguu usiku

Mama Nasra, Leicester:
Asalaam alaikum ndugu zangu. Nasra, miaka 6, huamka usiku wa manane akilia miguu. Namkanda, analala, asubuhi anakimbia. Daktari alisema ni maumivu ya kukua. Lakini wiki hii anashika mguu wa kushoto tu. Nirudi au nivute subira?

Bakari, Toronto:
Hiyo baridi, shemeji. Goti langu mimi tangu Novemba halikunjiki. Mpake mafuta ya karafuu, umvalishe soksi nzito.

Baba Imani, Minneapolis:
Bakari, anaulizia mtoto, si wewe! Mama Nasra, wangu alilia hivyo miaka minne, yakaisha yenyewe. Mpe ibuprofeni. Ikimtuliza, si ugonjwa mbaya.

Bi Rehema, Birmingham:
Baba Imani, dawa kutuliza si kipimo. Kuna uvimbe mdogo wa mfupa, si saratani, unaouma zaidi usiku na kutulia sana kwa ibuprofeni hiyohiyo.

Nimekuwa nesi wa watoto muda mrefu, na linalonishtua ni huo mguu mmoja. Maumivu ya kukua hushika miguu yote miwili, kwenye ugoko, mapaja au nyuma ya magoti, na mtoto hutaka akandwe. Mwenye tatizo la mfupa mara nyingi huuvuta mguu ukimgusa. Je, anachechemea asubuhi? Ana homa, au michubuko bila kuanguka? Mtazame viganja na ndani ya kope kama amepauka, maana kwa ngozi yetu uso hausemi kitu.

Mama Nasra:
Shikamoo Bi Rehema. Homa hana, wala hajapauka. Ila jana nilimbonyeza chini ya goti akaruka. Asubuhi alichechemea mpaka akamaliza chai.

Bi Rehema:
Marahaba mwanangu. Basi piga simu kesho wakifungua tu. Usiseme "miguu inamuuma", sema "mguu mmoja, mahali palepale, anachechemea". Kwa maumivu ya mfupa yasiyo na maelezo, mwongozo wa Uingereza unataka daktari afikirie eksirei ndani ya saa 48, na apime hesabu ya damu vilevile, kwa ajili ya saratani ya damu. Saratani kwa watoto ni nadra, lakini haikisiwi kwa macho.

Akipata homa au akikataa kukanyaga, nenda emajensi usiku huohuo. Usaha ndani ya mfupa hausubiri miadi, na siku za mwanzo eksirei huweza kutoka safi kabisa.

Amepimwa selimundu? Hapa hupima watoto wachanga.

Mama Nasra:
Alizaliwa Tanga, sidhani kama alipimwa.

Bi Rehema:
Mwambie daktari hilo pia.

Baba Imani:
Na vipimo vyote vikitoka safi, bado analia?

Bi Rehema:
Hapo madaktari wenyewe hutofautiana. Wengine hutaka emarai mara moja, wengine humtazama tena baada ya wiki chache. Mimi singetoka chumbani bila tarehe ya kurudi.