Mnaokabidhi skani za milango ya nakshi zenye rangi zilizoraruka: hiyo kazi haijaisha!

Nakshi_Ujiji

Wakuu, nimechoka kupokea takataka. Limekuja tena faili la mlango wa nakshi wa nyumba ya zamani Ujiji, limefanywa na watu waliolipwa. Skani ya awali ina pembetatu milioni 9, na ilitakiwa ishuke hadi 60,000 ili ifunguke kwenye simu. Walichofanya ni kuweka `Decimate` ya Blender, kushusha `Ratio`, na kutuma. Tekscha ni ileile ya mwanzo. Kwa mbali unaona mlango. Ukisogea, kila ua la nakshi lina michirizi ya rangi isiyo yake, kijani cha majani ya nje kimeingia katikati ya mbao.

Sababu yake inajulikana! Programu ya fotogrametri hukata uso wa kitu kuwa vipande vidogo mamia, kisha huvipanga popote penye nafasi kwenye picha ya tekscha. Vipande viwili vinavyogusana mlangoni vinaweza kuwa pembe mbili tofauti za picha. Ukipunguza pembetatu, vipeo vya kwenye mipaka huunganishwa, na pembetatu mpya inavuta rangi kutoka kipande hiki hadi kile, ikipita juu ya kila kilichopo katikati. Fungua `UV Editor` utaona mwenyewe. Kwa hiyo tekscha ya zamani haifai kabisa kwa meshi mpya. Meshi nyepesi inapewa UV yake mpya, halafu rangi inahamishwa kutoka kwenye skani nzito.

Na matundu je? Yamezibwa baada ya kuhamisha rangi, ndiyo maana chini ya kizingiti kuna mabaka meusi. Jamani, utaratibu ni kuondoa kwanza vipande vinavyoelea, kuziba matundu kwenye meshi nzito, ndipo upunguze, ukate UV, na rangi iwe ya mwisho.

Toroli

Mkuu punguza hasira. MeshLab inayo `Simplification: Quadric Edge Collapse Decimation (with texture)`. Inalinda mipaka ya vipande, rangi haichaniki. Hakuna haja ya UV mpya wala kuhamisha chochote.

Bi_Meshi

Toroli, umesema kweli nusu. Hicho kichujio kinalinda mipaka, lakini skani hii ni mipaka kila mahali. Kadiri unavyoshuka, pembetatu nyingi zinabaki zimeng'ang'ania mipaka ya vipande badala ya kubaki kwenye nakshi, na uso wa ua unakuwa bapa. Kutoka milioni 9 hadi milioni 2 sina ugomvi nacho. Kufika 60,000 hapana. Tena hata kikifanikiwa, unabaki na picha iliyokatwakatwa ambayo hakuna mtu anaweza kuirekebisha kwa mkono. Mlango ukatie UV wewe mwenyewe: uso wa mbele kipande kimoja, fremu vipande vyake, kingo vipande vyake. Kwenye picha ya pikseli 4096, mlango wa mita 2.1 ukijaza pikseli 3500 za urefu, kila pikseli ni milimita 0.6. Inatosha kuona alama ya patasi.

Sasa Nakshi_Ujiji, hujasema jambo linaloharibu kazi za wengi, nalo ni `Extrusion`. Kwenye Cycles, ukiwasha `Selected to Active`, miale inaanzia nje kidogo ya meshi nyepesi na kwenda ndani kuitafuta nzito. Watu wanasoma kina cha nakshi, milimita 18, wanaandika 0.02. Matokeo yake mwale unaanzia mbali, unagonga ua la jirani, na unapata petali mara mbili. Kina cha nakshi hakihusiki hapa, kinachohusika ni tofauti kati ya meshi mbili. Ipime MeshLab kwa `Hausdorff Distance`. Ikikuambia kubwa kabisa ni milimita 4, weka `Extrusion` 0.006 na `Max Ray Distance` 0.012. Ukiona mabaka kwenye sehemu zilizoinuka, ongeza kidogo. Ukiona umbo la jirani, punguza.

Namba hizo ni za mita. Skani ambayo haikupewa kipimo haina mita, 0.006 yake haina maana yoyote. Pima urefu wa mlango kwenye faili kwanza.

Na kwenye `Diffuse` zima `Direct` na `Indirect`, ibaki `Color` peke yake, la sivyo unapata kivuli juu ya kivuli cha jua kilichokuwa tayari kwenye picha.

Kwihara_2

Mimi nina mlango huku Tabora, una matundu ya mchwa mengi sana upande wa bawaba. Mnasema matundu yote yazibwe? Fundi akiyaziba kwa kompyuta si atakuwa amedanganya hali ya mlango?

Bi_Meshi

Kaka, hayo ni matundu ya mbao. Tunayoziba ni yale ambayo kamera haikuona kitu, meshi ikaachwa wazi. Yatafute kwa `Select > All by Trait > Non Manifold`, ukingo ulio wazi utawaka. Ila umegusa penye utata: tundu la mchwa la milimita 5 kamera haioni ndani yake, kwa hiyo nalo linaweza kutokea kama ukingo wazi. Hilo ziba tu, rangi yake nyeusi itatoka kwenye picha na tundu litaonekana.

Nakshi_Ujiji

Hapo sikubaliani na dada. Rangi itaonyesha tundu, umbo litasema mbao ni nzima. Mtu akipima uharibifu kwa umbo atakosea.

Pia tundu lililozibwa halina rangi kwenye meshi nzito, kwa hiyo kuhamisha kutoka kwake bado kutaleta weusi. Ndiyo sababu mwenye mradi wa Metashape wenye picha asihamishe rangi kutoka meshi nzito: ingiza meshi nyepesi kwa `Import Model`, kisha `Build Texture` ukichagua `Keep uv`. Rangi inatoka kwenye picha zenyewe, kali kuliko kuhamisha nakala ya nakala. Kile ambacho hakuna picha iliyoona kinapakwa kwa mkono.

Reli_Kigoma

Mnaofuata njia hiyo, angalieni viwianishi vya mahali. Mradi wenye GPS hapa Kigoma ukitumia UTM, namba ya kaskazini inazidi 9,000,000. Blender inahifadhi vipeo kwa tarakimu chache, kwenye ukubwa huo hatua ndogo kabisa ni mita 1. Mlango unakuwa ngazi. Wakati wa kutoa faili andika `Shift`, nakili namba zake, na uzirudishe zilezile unapoingiza. Usisogeze meshi hata kidogo ukiwa Blender, maana picha hazitaijua tena ilipo.

Toroli

Sawa kuhusu mipaka, nimeelewa. Lakini kuziba kabla ya kupunguza, pembetatu milioni 9, kompyuta ya GB 8 inaganda. Mimi naona kushusha hadi milioni 1 kwanza, kuziba, halafu kumalizia.

Bi_Meshi

Inakubalika, mradi ukingo wa tundu usiwe umeliwa na huo upunguzaji wa kwanza. Na usitumie Poisson kuziba tundu kubwa chini ya kizingiti, inaleta uvimbe pale palipokuwa mbao bapa. Tumia `Close Holes` kwa madogo, lile kubwa lijaze kwa mkono.

Kwihara_2

Bado swali langu la mchwa. Nizibe au niache wazi?

Nakshi_Ujiji

Toa faili mbili, mkuu. La simu limezibwa, la kumbukumbu liache na kingo zake wazi. Dada atapinga.