Naombeni ushauri: Mhariri anasema Big Mama Thornton si wa roki

Mtangazaji_Moro: Wakuu, salaam. Naandaa kipindi cha nusu saa kwenye redio yetu ya jamii kuhusu wanawake waliosahaulika katika roki. Nimemchagua Big Mama Thornton, aliyetoa "Hound Dog" mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya Elvis. Mhariri amekataa, anasema huyo mama ni wa bluzi. Nimjibuje?

Kibao_Kata: Jibu ni rahisi mkuu. Elvis alimwibia mama wa watu wimbo wake, akatajirika.

BintiSolo: Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi ya hotelini. Kila meneja akibadilika, mpya ananiambia niliweke chini niimbe tu. Thornton naye walimzuia ala?

Mzee_wa_Santuri: Binti yangu, pole. Thornton alipiga hamonika na ngoma, ila kilichomkwamisha zaidi ni mambo mengine.

Kibao, hapo una nusu ya ukweli. Wimbo ule waliutunga Leiber na Stoller, na walimwandikia yeye. Uliongoza chati ya ridhimu na bluzi kwa wiki saba. Chati hiyo ndiyo walikowekwa wasanii weusi, na hadi 1949 iliitwa chati ya "rekodi za kimbari". Mwenyewe alisema alilipwa hundi moja ya dola 500. Elvis aliudaka Las Vegas kwa bendi ya Freddie Bell, iliyokuwa imeshabadili maneno. Kwa Thornton, mwanamke anamfukuza mwanamume kupe mlangoni. Kwa Elvis, anasemwa mbwa asiyewahi kukamata sungura. Mtangazaji, zipige zote mbili mfululizo, kisha muulize mhariri wako ipi ina makali ya roki. Aliyemwita wa bluzi ni chati, na chati ilitazama rangi kabla ya mdundo.

Dhuluma ya utunzi iko kwenye "Ball and Chain". Huo aliutunga mwenyewe. Kampuni ndogo ya Kalifonia iliurekodi, haikuutoa, lakini ikabaki na hakimiliki. Mwimbaji wa roki Janis Joplin alimsikia akiuimba San Francisco, akamwomba ruhusa, na mwaka 1967 akalitikisa nao tamasha la Monterey. Kwa hiyo hata mwanamke mwenzake alipomheshimu, mkataba ulikuwa umeshafunga mlango wa pesa.

Kibao_Kata: Kumbe. Lakini Elvis bado angeweza kumtaja hadharani, mzee.

Mzee_wa_Santuri: Hilo sikubishii.

Mtangazaji_Moro: Asante mzee. Mhariri kasikiliza zote mbili, kakubali roki ilianzia humo. Sasa anadai niseme "mwanzilishi wa roki", si "mwanamuziki wa roki". Jumba la Heshima la Roki lenyewe lilimwingiza 2024 kama mwenye ushawishi. Nikubali?

BintiSolo: Usikubali kaka. Wanaume waliorekodi bluzi miaka ileile wameingizwa kama wasanii kamili.

Mzee_wa_Santuri: Baadhi yao, binti. Muddy Waters ndiyo, Howlin' Wolf aliingia kama mshawishi vilevile. Mimi ningelikubali neno "mwanzilishi", ila kipindi ningekifungua na "Ball and Chain" ya sauti yake mwenyewe.